Kibali Changu Hakijavuka Mto

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, na mwezi wa tatu ulinikuta nimekaa barazani kwa mama mwenye nyumba wangu pale Ifakara, kompyuta mapajani, najaribu kumwandikia msimamizi wangu barua ya kueleza kwa nini sikuwa nimefanya kitu chochote.

Utafiti wangu ulikuwa rahisi kuueleza. Nilitaka kujua familia zinazolima mpunga bonde la Kilombero zinakula nini katika ile miezi ambayo mpunga uko shambani na ghala limebaki vumbi. Kwenye andiko langu niliiita "kipindi cha upungufu wa chakula". Wenyewe wanaita njaa. Nilikuwa nimechagua kijiji kimoja mbele ya mji mdogo wa Mbingu, nikaandaa dodoso refu, nikachora na ratiba. Ratiba ile ilikuwa nzuri kuliko sura zote za andiko. Ilikuwa na mistari ya rangi, kijani kwa kukusanya data, njano kwa uchambuzi, bluu kwa kuandika, na mistari yote ilishuka kwa mteremko kama ngazi ya kwenda peponi. Kwa mujibu wa ratiba hiyo, mwezi wa tatu mimi nilikuwa nimeshamaliza kuhoji na nimerudi chuoni. Huyo mtu wa kwenye ratiba alikuwa mchapakazi sana. Nilikuwa namwonea wivu.

Mtu halisi alianza kuchelewa kabla hajatoka chuoni. Kamati ya maadili ya utafiti ilinirudishia fomu kwa sababu karatasi ya ridhaa, ile anayosomewa mtu kabla ya kuhojiwa, ilikuwa na maneno ambayo hata mimi sikuyaelewa. Nikairekebisha, nikasubiri. Kibali kilipotoka, chuo kikanipa barua ya utambulisho kwenda mkoani. Mkoa ukaniandikia barua kwenda wilayani. Wilaya ikaniandikia kwenda kwa mtendaji wa kata, na kata ikaniandikia kwenda kijijini. Kila ofisi ilikuwa na masijala, na kila masijala ilikuwa na dada aliyeniambia kwa upole mkubwa kwamba faili langu liko kwa bosi. Bosi yuko wapi? Yuko safari. Safari gani? Dada ananitazama kama mtu aliyeuliza Mungu analala saa ngapi. Nilijifunza kukaa kwenye benchi. Nilijifunza pia kwamba aya ya kwanza ya kila barua ni ile ile, "husika na kichwa cha habari hapo juu", na nikaanza kuamini kwamba hakuna mtu nchini anayesoma zaidi ya kichwa hicho.

Hadi barua zote zinakamilika, mvua zilikuwa zimeshika kasi. Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu mvua ikinyesha siku mbili mfululizo watu wanatoka nje kuiangalia. Bondeni kule inanyesha kama imeajiriwa. Barabara ya kwenda Mlimba ikawa uji, basi likazama tope kabla ya Mbingu, tukashuka tukasukuma, na mimi na viatu vyangu vipya vya utafiti nikaacha kimoja humo. Nilifika kijijini siku ya pili, mguu mmoja una kiatu na mwingine una ndala ya kuazima.

Mtendaji wa kijiji alikuwa baba wa makamo, mtu wa utani, mwenye koti la mvua lililomzidi. Nikamwamkia, akaitikia, akasoma barua yangu yote, mpaka nakala kwa nani na nani. Alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo. Kisha akafungua kabati akatoa rejista ya kaya.

"Dada mtafiti," akasema, "orodha ya kaya ni hii. Imekamilika, ina mihuri. Isipokuwa watu wenyewe hawapo."

Nikacheka, nikidhani ni ule utani. Akanitembeza. Nyumba baada ya nyumba, kufuli. Mahali pengine kuku mmoja, mahali pengine babu mwenye mguu mbovu aliyeachwa kulinda kuku huyo. Kijiji kizima kilikuwa kimehamia mashambani, ng'ambo ya mto, huko chini kwenye mbuga. Wanajenga vibanda vya nguzo juu ya maji, wanavyoviita madungu, wanakaa humo tangu kupanda mpaka kuvuna. Wasipokaa, ndege na nguruwe pori watavuna kwa niaba yao.

"Wanarudi lini?" nikauliza.

"Mwezi wa sita. Wengine wa saba."

"Na ulijua tangu mwanzo?"

"Kila mtu anajua," akasema. "Hamkuuliza."

Nikarudi Ifakara na hiyo "hamkuuliza" ikinisumbua kuliko ule mguu uliokosa kiatu. Ndiyo maana nilikuwa barazani. Barua ilitakiwa iandikwe kwa Kiingereza, maana chuo chetu kinataka hata kuchelewa tuchelewe kwa Kiingereza, lakini hapa nitaisema kwa lugha tuliyokuwa tunalia nayo.

Nyumba ile nilipanga pamoja na mwanafunzi mwingine, kijana wa shahada ya uzamivu aliyekuwa akichunguza mbu. Mvua iliyoniua mimi ilikuwa sikukuu kwake. Kila dimbwi lililozaliwa alilishangilia. Anarudi jioni na vichupa vyake vya viluwiluwi, amelowa mpaka kiunoni, amechangamka kama ametoka harusini.

"Dada, unapata shida bure," akaniambia. "Andika mafuriko. Msimamizi hawezi kubishana na mafuriko. Weka na picha ya basi kwenye tope."

"Picha ninayo."

"Basi umemaliza. Omba radhi mwanzoni, omba radhi mwishoni, katikati weka maji."

Nikafanya hivyo hivyo. Rasimu ile bado ninayo na nikiisoma najisikia kucheka na kuziba uso. Ilianza kwa kutumaini kuwa Dokta, msimamizi wangu, ni mzima wa afya. Ikafuata aya ndefu ya masikitiko. Halafu mkoa, wilaya, kata, mvua, barabara, mto, tope, picha. Kwenye aya ya mwisho nikaandika pendekezo langu: ukusanyaji wa data usogezwe mpaka mwezi wa saba, wananchi watakapokuwa wamerudi, na mistari mingine yote ya ratiba isogee kulia kwa kiasi hicho hicho. Niliishika mistari kwenye kompyuta, nikaiburuta. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nikaambatisha, nikatafuta kona ya baraza yenye mtandao, nikatuma.

Msimamizi wangu alikuwa mama ambaye chuoni tulimwogopa kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti. Wengine wakikasirika unajua mahali pa kujificha. Yeye anakuuliza swali. Kesho yake asubuhi akanipigia simu mwenyewe, na mama mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mchele karibu yangu, akaona nimesimama ghafla kama mwanajeshi.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba, binti. Nimesoma barua yako. Pole na kiatu."

"Ahsante, Dokta." Nilisahau kwamba kiatu nacho nimekiandika.

"Nina swali. Huu mwezi wa saba uliopendekeza, huko bondeni watakuwa wanafanya nini?"

"Watakuwa wamerudi nyumbani, Dokta. Wamemaliza kuvuna."

"Watakuwa wanakula nini?"

"Wali," nikajibu haraka, nikijivunia kujua.

Nilipokwisha kulitamka ndipo mimi mwenyewe nikasikia nilichosema.

"Kichwa cha utafiti wako ni nini vile?" akauliza.

"Chakula cha kaya katika kipindi cha upungufu."

"Sasa unataka kwenda kusoma njaa wakati wa shibe."

"Nilifikiri... ningewauliza wakumbuke, Dokta. Walikula nini mwezi wa tatu."

"Wewe Jumanne iliyopita mchana ulikula nini?"

Nikajaribu kukumbuka. Mama mwenye nyumba akanong'ona, "Maharage." Hakuwa na hakika hata yeye.

"Unaona," Dokta akasema. "Mafuriko umeyaeleza vizuri mno, mpaka nimelowa. Lakini mafuriko si tatizo la utafiti wako. Tatizo ni kwamba watu uliokwenda kuwatafuta wamehama, na wamehama kwa sababu ile ile inayokufanya uwasome. Hilo hukuliandika. Na ratiba haisogezwi kama meza. Ukiisogeza, swali linabaki pale pale au linakwenda na wewe? Nieleze kwa barua. Na usiniombe radhi, radhi hazina mahali pa kuwekwa kwenye faili."

Akakata simu. Nikakaa chini. Mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimefiwa.

Siku ile nilikasirika sana, nasema kweli. Nilikasirika kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumkasirikia. Mtu wa mbu alijaribu kunifariji, akasema wasimamizi wote ni hivyo, wa kwake aliwahi kumwambia mbu wake hawana hoja. Nikacheka, lakini usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikapanda treni mpaka Mbingu, maana barabara haikuwa na habari na mtu, kisha bodaboda mpaka pikipiki ilipokataa. Nikamkuta mtendaji ofisini.

"Nataka kwenda huko mashambani," nikamwambia.

Akatazama miguu yangu. Safari hii nilikuwa na mabuti ya mpira. "Sasa umekuwa mtafiti," akasema.

Alinipeleka yeye mwenyewe pamoja na mvuvi mmoja mwenye mtumbwi. Mimi sikuwahi kupanda mtumbwi. Niliketi katikati, nimeshika pande zote mbili kama mtu anayezuia mlango usifunguke, na mtendaji akawa ananisimulia habari za viboko kwa furaha isiyo na sababu. Tulipita katikati ya majani marefu, kisha mpunga ukafunguka pande zote, kijani ambacho sikuwahi kukiona, na juu yake madungu yamesimama hapa na pale na moshi mwembamba ukitoka.

Dungu la kwanza tulilofika lilikuwa la mama mmoja wa Kipogoro, mtu mzima, mwenye sauti ya kwaya. Alikuwa na rundo la mawe ya udongo na kombeo, na katikati ya kusalimiana nasi aligeuka akalitupia kundi la ndege jiwe moja kali pamoja na matusi ambayo mtendaji alikataa kunitafsiria. Nikamwamkia, akaitikia, akanikaribisha kupanda ngazi. Kwenye jiko la mafiga kulikuwa na sufuria ya majani ya maboga na kambale mkavu mmoja, na pembeni ugali wa muhogo umefunikwa.

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Kila kitu nilichokuja kukitafuta kutoka chuoni kilikuwa mbele yangu, kinachemka. Na sikuruhusiwa kukiandika.

Kibali changu cha maadili kilitaja kijiji kwa jina, na kaya zitakazohojiwa nyumbani kwao. Hakikutaja ng'ambo ya mto, wala vibanda, wala kumfuata mtu kazini anapofukuza ndege. Ningemhoji mama yule siku ile, data hiyo ingekuwa haramu, na kamati ingekuwa na haki ya kunitupia mawe ya udongo. Nilichoruhusiwa ni kutazama kama panafikika, na kuuomba uongozi wa kijiji ridhaa ya kurudi. Nikamweleza mama hivyo, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo umetoka chuoni, umepita mto huu, kuja kuniangalia?"

"Ndiyo, mama. Kibali changu hakijavuka mto. Kikivuka nitarudi niulize."

"Uulize nini?"

"Mnakula nini miezi hii."

Alicheka mpaka dungu likatikisika. Akamwambia mtendaji kitu kwa Kipogoro, naye akacheka vilevile.

"Anasema," mtendaji akanieleza, "kula bila kuuliza hakuhitaji kibali. Kaa."

Nikala. Sikuandika kitu.

Barua ya pili niliiandika siku mbili baadaye na ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza. Sikuanza kwa kutumaini kuwa Dokta ni mzima wa afya. Niliandika hivi:

"Naandika kueleza kuchelewa kwa kazi ya uwandani na kupendekeza ratiba mpya. Vibali vilikamilika baadaye kuliko nilivyopanga, na nilikuwa sijaweka nafasi ya kusubiri. Lakini sababu kubwa ni kwamba kaya nilizokusudia huhamia mashambani msimu wa kilimo. Nilipanga kuzihoji vijijini wakati ambao hazipo. Hilo ni kosa la mpango, si la mvua.

"Kusogeza kazi yote hadi baada ya mavuno kutabadilisha swali la utafiti. Kwa hiyo napendekeza awamu mbili. Awamu ya kwanza, mwezi wa nne: mahojiano ya kina na kaya chache huko mashambani, kuhusu wanachokula sasa na wanavyokipata. Nimefika, panafikika kwa mtumbwi, na serikali ya kijiji imekubali kwa maandishi. Awamu ya pili, mwezi wa saba: dodoso kwa kaya nyingi zaidi kijijini, kuhusu mavuno, akiba na mauzo, bila kuwauliza wakumbuke mlo wa miezi iliyopita.

"Naomba idhini yako ili niwasilishe kwa kamati ya maadili ombi la marekebisho ya eneo na mbinu. Wakati wa kusubiri nitafanyia majaribio mwongozo wa mahojiano kwa watu wasio sehemu ya utafiti, na nitakutumia sura ya pili. Kamati ikichelewa kupita katikati ya mwezi wa nne, mpunga utaanza kukomaa na awamu ya kwanza itapungua thamani. Ikiwa hivyo, nitakuja kwako tubadili kichwa cha utafiti badala ya kujifanya bado kinafaa. Kwa mpango huu nitahitaji muhula mmoja wa nyongeza."

Chini yake nikaweka ratiba. Sikuweka rangi. Safari hii niliweka na mistari ya kusubiri, ambayo nilimwambia mtu wa mbu kuwa ndiyo mistari pekee ya kweli katika karatasi nzima. Akaisoma barua yote, akakunja uso.

"Mafuriko umeyatoa?"

"Nimeyaacha kidogo."

"Unajimaliza," akasema, akaenda kwa viluwiluwi wake.

Jibu la Dokta lilikuja jioni. Alikuwa amesahihisha sentensi mbili, ameweka alama ya kuuliza mbele ya neno "kina", na chini kabisa ameandika: "Hii sasa inaweza kutetewa. Tuma kwa kamati kama marekebisho, si ombi jipya, ili mwenyekiti aweze kuipitia bila kusubiri kikao. Nakala kwa mratibu wa uzamili. Muhula wa nyongeza tutaomba baada ya awamu ya kwanza, tukiwa na kitu mkononi." Hakukuwa na pongezi. Niliisoma "inaweza kutetewa" mara nyingi kama barua ya mapenzi.

Kamati haikujibu wiki ile, wala iliyofuata. Nilifanya majaribio ya mwongozo wangu kwa mama mwenye nyumba, ambaye kila nilipomuuliza amekula nini alijibu anavyotamani kula, na aliongezea nyama. Niliandika sura ya pili. Niliangalia mvua. Jibu la kamati lilipokuja lilikuwa la kukubali, pamoja na sharti moja: nisimsimamishe mtu kazi shambani kwa ajili ya mahojiano. Ningewezaje? Nilimhoji yule mama wa kwaya nikiwa nimeshika kombeo la pili, sentensi moja kwake, jiwe moja kwa ndege. Katika kinasa sauti changu kuna mahojiano marefu ambayo nusu yake ni makelele ya "haaa!" na mimi ninawakosa ndege wote.

Nilichelewa kwa kaya tatu za mwisho. Mpunga wa mapema ulikuwa umeanza kupukuchuliwa, sufuria zikabadilika zikaingia wali, na nikalazimika kuandika hivyo kwenye tasnifu, kwamba awamu ya kwanza iliisha kabla sijaimaliza. Kwenye utetezi mtahini wa nje aliniuliza kuhusu hizo kaya tatu kwa muda mrefu kuliko kitu kingine. Dokta alikuwa amekaa nyuma. Nilipomaliza kujibu nikamtazama, na yeye alikuwa anatazama dirishani, ametulia kama mtu anayesubiri chai.

Baadaye koridoni nikamshukuru. Akauliza kama nimesharudisha mabuti ya mpira.

"Yalikuwa yangu, Dokta."

"Vizuri," akasema. "Mwakani nina mwanafunzi anakwenda huko. Anavaa kiatu namba saba. Wewe?"